Bloku juu ya oili: jibu la kitabu lilipopatikana kwa bahati

*"Shikamoo mhandisi. Nasoma diploma ya ufundi mitambo hapa Dar. Tuliteremsha bloku ya chuma ya kilo 20, kitako chake sentimita 20 kwa 20, juu ya kioo kilichopakwa oili ya SAE 30 kwa unene wa milimita 0.1. Mteremko ni nyuzi 15, njia ni mita 1.5. Kwa namba za kitabu nilipata kasi ya mita 0.44 kwa sekunde, yaani sekunde 3.4 hivi. Tulipoiweka na kuiachia hapo hapo ilitumia sekunde 2.2. Tulipoishikilia kama dakika moja tukimsubiri mwenzetu afungue simu, ilitumia sekunde 3.4 kamili. Mimi nasema kipimo cha pili ndicho sahihi, mwenzangu anabisha. Nani yuko sawa? Na mbona uzito haufutiki kwenye fomula kama unavyofutika kwenye msuguano wa kawaida?"*

Marahaba. Mwenzako yuko sawa kubisha. Kipimo cha kwanza, kile cha sekunde 2.2, ndicho kinachoeleza vizuri zaidi jaribio ulilodhani unalifanya. Kile cha pili kimelingana na kitabu kwa sababu makosa mawili yamevutana, moja likiongeza kasi na jingine likiipunguza, karibu kwa kiasi kile kile. Nitaanza na swali lako la mwisho, la uzito, kwa kuwa ndilo linalofungua yaliyobaki.

Katika msuguano mkavu, kani inayozuia hutegemea jinsi bloku inavyokandamiza sakafu. Ukiongeza uzito, kinachosukuma kinaongezeka na kinachozuia kinaongezeka vile vile, ndiyo maana kilo zinafutika pande zote mbili. Oili haifanyi hivyo. Tabaka la oili linalogusa chuma hushikamana nacho na kwenda kwa kasi ya bloku. Tabaka linalogusa kioo limesimama na kioo. Katikati, kila tabaka linateleza juu ya lililo chini yake, na kasi inapungua sawia kutoka juu hadi chini. Kinachozuia ni kule kuburutana kwa matabaka. Newton ndiye aliyeweka wazo hilo mwaka 1687: mkazo wa kuburutana ni mnato wa oili zidisha kasi, gawanya kwa unene wa utando. Ukizidisha mkazo huo kwa eneo la kitako unapata kani yote:

F = μ V A / h

Itazame vizuri. Hakuna mahali ambapo uzito unaingia. Oili haijali kama juu yake kuna kilo 20 au 40, inachojali ni eneo, kasi na unene. Uzito unabaki upande mmoja tu, upande wa kusukuma, na kwa hiyo haupati wa kufutana naye. Bloku inaongeza kasi mpaka kani ya oili ilingane na sehemu ya uzito inayovuta kufuata mteremko, kisha kasi inatulia:

V = m g h sin θ / (μ A)

Kwa bloku yako, uzito ni 20 × 9.81, yaani niutoni 196. Sehemu inayovuta kuteremka ni 196 × sin 15°, kama niutoni 50.8. Eneo ni mita za mraba 0.04, unene ni mita 0.0001. Vyote hivyo umevichukua sawa. Ulipoteleza ni kwenye mnato.

Najua namba uliyotumia, kwa sababu ndiyo pekee inayotoa 0.44. Ulichukua 0.29 paskali-sekunde, ambayo vitabu vingi huiandika kwa oili ya SAE 30. Namba hiyo ni ya nyuzi 20 za selsiasi. Sasa niambie ni lini karakana ya Dar es Salaam imekuwa na nyuzi 20 saa nane mchana! Hata Julai, kipindi cha baridi yetu, ukifungua madirisha ya upande wa bahari bado hutazifikia mchana. Karakana nyingi nilizofanyia kazi zina nyuzi 30 na zaidi, na oili iliyokaa kwenye kopo karibu na dirisha inaweza kupita hapo.

Mnato wa oili hushuka haraka sana joto linapopanda. Kwa SAE 30 ya kawaida, kutoka 0.29 kwenye nyuzi 20 unashuka hadi karibu 0.1 ukikaribia nyuzi 40. Kati ya hapo haushuki kwa mstari ulionyooka. Hushuka kwa uwiano, kila nyuzi chache zikikata sehemu ile ile ya kilichobaki. Ukipima kwa namna hiyo, kwenye nyuzi 30 unapata kama 0.16. Weka hiyo kwenye fomula:

V = 50.8 × 0.0001 / (0.16 × 0.04) = 0.79

Mita 0.79 kwa sekunde, karibu mara mbili ya jibu lako. Nyuzi kumi tu za joto ndizo zilizofanya hivyo. Karatasi ya takwimu ya oili hutoa mnato kwenye nyuzi 40 na 100, lakini mara nyingi kwa sentistoksi, ambazo si paskali-sekunde. Sentistoksi moja ni mita za mraba 0.000001 kwa sekunde, na lazima uizidishe kwa msongamano wa oili, kama kilo 870 kwa mita ya ujazo, ndipo upate paskali-sekunde. Na joto la kupima ni la oili yenyewe pale juu ya kioo, wala si la hewa ya chumba.

Sasa utaniuliza: kama kasi ni 0.79, mita 1.5 zingetumia sekunde 1.9, mbona tulipata 2.2? Kwa sababu mlianza kuhesabu bloku ikiwa imesimama. Fomula ni ya kasi iliyokwisha kutulia, na bloku inahitaji muda kuifikia. Muda huo una kipimo chake, nacho ni m h / (μ A). Kwenu ni 20 × 0.0001 / (0.16 × 0.04), kama sekunde 0.31. Baada ya muda mmoja wa namna hiyo bloku imefika asilimia 63 ya kasi yake, baada ya mitatu imefika asilimia 95. Hesabu ya mwendo wote inaonyesha kwamba mwanzo huo unakuchelewesha kwa takribani ule muda mmoja, 0.31. Jumlisha 1.9 na 0.31, unapata 2.2. Hicho ndicho kipimo chenu cha kwanza, hadi kwenye desimali. Sisemi kila jaribio litaangukia hapo kwa usafi huo, ila linaonyesha kwamba utando ulikuwa karibu na unene mliokusudia.

Kipimo cha pili ndicho kilichonifanya nikuandikie kirefu, kwa sababu humo kuna jambo ambalo swali la kitabuni hulipita kimya kimya. Kitabu kinakupa h na kukwambia ni 0.1. Hakikuambii nani anaishikilia hapo.

Fikiria bloku imelala juu ya oili, imezuiwa isiteleze. Uzito wake unaoelekea kwenye kioo ni 196 × cos 15°, kama niutoni 190. Kitu lazima kiubebe, na kilichopo ni oili tu. Oili inaubeba kwa shinikizo, na shinikizo hilo linaisukuma itoke pembeni. Kwa hiyo oili inakamuliwa, taratibu, kwenye kingo nne, na bloku inashuka. Kuteleza kwenyewe hakusaidii, kwa sababu nyuso mbili zilizo sambamba zikiteleza haziundi shinikizo lolote la kunyanyua. Osborne Reynolds alilieleza hili mwaka 1886: ili mwendo ubebe mzigo, utando lazima uwe kama kabari, mnene mbele na mwembamba nyuma. Bloku ya kitako bapa na kingo kali haina kabari hiyo. Uzito ambao tumesema hauonekani kwenye fomula ya kuburutana unaingia hapa, kupitia unene.

Kiasi cha kukamuliwa kinahesabika. Josef Stefan alitoa kanuni yake mwaka 1874 kwa kisahani cha duara. Kitako chako ni mraba, lakini ukikichukua kama duara la eneo lile lile, lenye nusu kipenyo R cha mita 0.113, kosa halizidi sana sehemu moja ya kumi. Kanuni inasema:

1/h² = 1/h₀² + 4 N t / (3π μ R⁴)

N ni ile kani ya niutoni 190 inayokandamiza, t ni muda wa kusubiri, h₀ ni unene wa mwanzo. Mlisubiri sekunde 60. Sehemu ya mwisho inakuwa 4 × 190 × 60, gawanya kwa 0.000245, ambayo ni kama milioni 186. Sehemu ya kwanza, 1/h₀², ni milioni 100. Jumla ni milioni 286, na ukigawanya moja kwa kipeuo chake cha pili unapata h ya mita 0.000059, yaani milimita 0.059.

Dakika moja ya kumsubiri mtu mwenye simu imekula karibu nusu ya utando. Kasi inafuata unene moja kwa moja, kwa hiyo inashuka kutoka 0.79 hadi 0.47. Mita 1.5 kwa kasi hiyo ni sekunde 3.2, ongeza karibu 0.2 za kuanzia, unapata 3.4.

Hapo ndipo kitabu na saa yenu vilipokutana. Oili ya Dar ni nyepesi karibu mara mbili kuliko ya kitabu, na utando wenu ulikuwa mwembamba karibu mara mbili kuliko mlivyodhani. Uwiano wa h kwa μ ukabaki karibu ule ule, na kasi hutegemea uwiano huo. Mngesubiri dakika tano, au mngefanya jaribio asubuhi na mapema, msingepata 3.4, na mngeanza kulaumu saa.

Huenda unajiuliza kama utando haukuwa ukikamuliwa pia wakati bloku inateleza. Ulikuwa, ila sekunde 2.2 ni kidogo mno. Ukiziweka kwenye kanuni ile ile, utando unapungua kwa asilimia 3 au 4 tu. Ndiyo maana nasema kipimo cha kuachia papo hapo ni cha kuaminika. Joto la kuburutana nalo lisikusumbue. Bloku inatoa kama wati 40 kwenye oili ikiwa kwenye kasi yake, lakini utando ni mwembamba kiasi kwamba joto linapita haraka kwenda kwenye chuma na kioo, na katikati ya utando oili haipandi hata nyuzi moja zaidi ya nyuso hizo.

Jambo hili la kukamuliwa nililijua kwa mikono kabla sijalijua kwa kalamu. Nilipoanza kazi katika karakana moja ya kukereza vyuma, kila Jumatatu asubuhi gari la mashine, ile sehemu inayoteleza juu ya njia zake, lilikuwa zito kusukuma. Ijumaa jioni lilikuwa likiteleza kwa kidole. Tulidhani ni vumbi, tukafuta, tukapaka oili upya, likawa jepesi, na tukaamini ni vumbi kweli. Halikuwa vumbi. Siku mbili za kusimama zilikuwa zimekamua oili kutoka kwenye njia mpaka vyuma vikakaribia kugusana, na oili mpya ndiyo iliyorudisha utando. Fundi wetu mkuu alikuwa akilisukuma mbele na nyuma mara kadhaa kabla ya kazi, bila kutueleza sababu. Leo naona alikuwa akirudisha oili pahali pake.

Sasa turudi kwenye jaribio lenu, maana nataka mlirudie vizuri. Msihesabu kuanzia bloku inapoachiwa. Pigeni alama kwenye kioo, moja sentimita 50 kutoka mwanzo na nyingine mwishoni, mpige video kwa simu, kisha mhesabu picha kati ya alama hizo. Simu ya picha 30 kwa sekunde itawapa kama picha 38 kwa mita hiyo moja, na kosa la picha moja halifiki asilimia 3. Mkiweka alama ya tatu katikati mtapata kitu cha thamani zaidi: ulinganisho. Nusu ya kwanza na nusu ya pili zikitumia muda mmoja, kasi imetulia. Ya pili ikiwa na kasi ndogo, utando unakonda njiani au bloku imefika sehemu yenye oili haba. Ikiwa na kasi kubwa, ama hamjaacha umbali wa kutosha wa kuanzia, ama bloku imeingia sehemu yenye oili nene zaidi.

Unene wa utando msiukadirie kwa macho. Chini ya kitako chenye sentimita za mraba 400, milimita 0.1 ni mililita 4 tu za oili. Chukueni bomba la sindano, pimeni mililita hizo, zitandazeni pale bloku itakapokaa, na njia iliyobaki muipake kwa kiwango hicho hicho kwa eneo. Bloku msiidondoshe bapa. Ishusheni kwa kuegemeza ukingo mmoja kwanza kisha mlaze polepole, hewa itoke upande wa pili, kwa sababu pahali penye kiputo cha hewa hapana oili ya kuburuta, na eneo A mliloandika linakuwa si la kweli. Mkiona kupitia kioo madoa meupe chini ya chuma, basi hewa imebaki. Na kioo mlichochagua ni sahihi kabisa, mbao isingefaa. Mbao ya kawaida hupinda zaidi ya milimita 0.1 katika mita moja, na hapo neno "unene wa utando" linakosa maana.

Kipimo cha kumaliza ubishi na mwenzako ni kuongeza uzito. Wekeni kilo 20 nyingine juu ya bloku, katikati, na muachie papo hapo. Fomula inadai kasi iongezeke mara mbili, hadi karibu mita 1.6 kwa sekunde. Mjue tu kwamba muda wa kutulia nao unaongezeka mara mbili, hivyo sentimita 50 za kuanzia hazitatosha, na mita 1.5 zote ni chache. Afadhali mpunguze mteremko hadi nyuzi 7 kwa mizigo yote miwili. Haitabadilisha muda wa kutulia, kwa kuwa pembe haimo ndani yake, lakini bloku itasafiri umbali mdogo zaidi ndani ya muda huo.

Kisha rudieni kwa kusubiri, mara moja bila uzito wa ziada na mara moja mkiwa nao, kila mara dakika kumi. Matokeo hayatakuwa mara mbili tena. Mtu akisubiri muda mrefu hivyo, unene wa mwanzo unasahaulika, na utando uliobaki unategemea mzigo: mzigo ukiwa mara mbili, utando unakuwa mwembamba kwa kipeuo cha pili cha mbili. Bloku inavutwa mara mbili zaidi lakini juu ya utando uliokonda, na kasi inaongezeka mara 1.4 hivi. Mkipata mara mbili kwa kuachia papo hapo na mara 1.4 kwa kusubiri, mtakuwa mmeona kukamuliwa kwa oili bila kupima unene wenyewe hata mara moja.

Kwa bloku yenu ya kilo 20 kwenye nyuzi 15, kanuni ya Stefan inasema dakika kumi zitaacha utando wa milimita 0.023 hivi. Kasi itakuwa mita 0.18 kwa sekunde, na mita 1.5 zitachukua zaidi kidogo ya sekunde 8. Hapo tegeni sikio. Unene huo unakaribia mabonde na vilima vya chuma kilichosawazishwa kwa mashine ya kawaida. Bloku ikishuka kimya kwa sekunde 8 au 9, kitako chake ni bapa vya kutosha na oili bado inabeba. Mkisikia mkwaruzo, au ikienda kwa kushtukashtuka, au mkikuta michirizi kwenye kioo baada ya kufuta, basi chuma kimegusa kioo, fomula ya mnato imekoma, na kipimo hicho kiandikeni kando na vingine.